Prompti ya kijipicha cha video: uso wa mshangao, kontrasti kali na nafasi ya maneno. Nimekwama wakuu

FundiDiski (mtoa mada)

Habari zenu wakuu.

Nina chaneli ndogo ya YouTube, nafundisha namna ya kuokoa faili kwenye diski zilizokufa. Video mpya iko tayari tangu juzi, ila sijaipandisha kwa sababu ya kijipicha, ile picha ya mbele ambayo mtu anaiona kabla hajabonyeza. Nimeamua kukitengeneza kwa programu ya akili mnemba, zile unazoandika maelezo nayo inachora. Nataka vitu vitatu tu: uso wa mtu aliyeshangaa, rangi zinazoachana sana ili picha isipotee kwenye skrini ya simu, na upande mmoja mtupu ambapo nitaweka maneno mwenyewe: FAILI ZIMERUDI.

Hii ndiyo prompti niliyoandika:

```
Kijipicha cha YouTube, fundi mwenye uso wa mshangao,
kontrasti kali, acha nafasi ya kichwa kushoto, bila maandishi
```

Nimeiendesha mara nne. Ya kwanza imenipa watu wawili, fundi kulia na kichwa kingine kushoto kinamwangalia. Ya pili uso uko katikati kabisa, mdomo umepanuka kama mtu anayeungua. Ya tatu nafasi ipo, lakini imejaa herufi za ajabu zisizosomeka katika lugha yoyote. Ya nne nusu ya uso ni giza totoro, huoni hata jicho moja.

Nakosea wapi? Naombeni nondo, hata kama ni za kunichana.

---

Kamera_Begani

Mkuu, kuhusu nafasi ya kichwa, sheria ni rahisi. Usiache hewa nyingi juu ya nywele. Macho yakae kwenye theluthi ya juu ya fremu, na juu ya kichwa ubakize kidogo tu. Nimebeba kamera miaka mingi, hilo ndilo kosa la kwanza la wanafunzi wote. Andika "kichwa karibu na ukingo wa juu" na tatizo litaisha.

---

FundiDiski

Asante mkuu, lakini sikumaanisha kichwa cha mtu. Namaanisha kichwa cha video, yaani maneno.

---

MamaTaa

Kamera_Begani ameelewa vile vile programu ilivyoelewa, na hapo ndipo kwenye jibu la picha yako ya kwanza. Umeandika "acha nafasi ya kichwa kushoto" baada ya kutaja fundi na uso. Kwenye sentensi ya namna hiyo kichwa ni kichwa, kile chenye masikio. Ikakuwekea kichwa kushoto. Mwanafunzi wangu mmoja yalimkuta kama hayo, yeye akapata pengo kubwa juu ya nywele, kama vile mtu amesimama ndani ya shimo. Neno moja, tafsiri mbili, na programu inachagua ile inayofanana na maneno jirani.

Lakini kubadilisha "kichwa" kuwa "maneno" hakutakuokoa, na tafadhali usifanye hivyo. Ukiandika "nafasi ya maneno", itaweka maneno. Ndicho kilichotokea kwenye picha yako ya tatu. Umetaja "kijipicha cha YouTube", ukamalizia na "bila maandishi". Programu hizi zimejifunza kwa picha zilizoambatana na maelezo yake, na maelezo ya picha kwa kawaida husema kilichopo, si kisichokuwepo. Nani anaandika chini ya picha ya mbwa kwamba hapa hakuna paka? Kwa hiyo neno "maandishi" linabaki na nguvu yake, lile "bila" linapita kama upepo. Na "kijipicha cha YouTube" ndiyo mbaya zaidi, maana vijipicha karibu vyote vina herufi kubwa juu yake. Umeomba herufi mara mbili bila kujua.

Fanya hivi: futa neno kijipicha, futa YouTube, futa maandishi, futa kichwa. Halafu usiombe utupu. Eleza kitu kinachokaa pale. Sema "theluthi mbili za kushoto ni ukuta laini wa rangi moja". Ukuta ni kitu, programu inajua kuuchora, na ukuta mtupu ndiyo nafasi yako.

---

JichoKali

Mnamzungusha bure mwenzenu. Aandike kwa Kiingereza `copy space`, amalize na `high contrast, 8k, masterpiece`. Mimi hutumia hayo kila siku na picha zinatoka kali.

---

MamaTaa

JichoKali, hilo la kwanza nakuunga mkono kabisa. `copy space` ni maneno ya watu wanaouza picha za matangazo, wanayaandika kwenye picha iliyoachwa upande mmoja wazi kwa ajili ya maneno. Kwa sababu yametumika kwenye picha nyingi mno, programu nyingi zinayafahamu. Ila ajihadhari na `empty space` pekee yake. Kuna programu inaisoma `space` kama anga za juu na kukuletea nyota.

Kwenye `high contrast` ndipo tunapoachana. Hilo ndilo lililoharibu picha yake ya nne. Ukiandika kontrasti kali bila kusema kati ya nini na nini, programu inachukulia ni mtindo wa mwanga: taa moja ya pembeni, kivuli kizito, nusu ya uso inazama. Kwa picha ya ukutani inapendeza. Kwa picha itakayoonekana ikiwa na upana wa kidole gumba, umepoteza nusu ya mshangao.

Anachohitaji FundiDiski si kontrasti ndani ya uso. Ni kontrasti kati ya uso na ukuta, na kati ya ukuta na herufi. Uso wenyewe uwe na mwanga laini, kila kitu kionekane.

---

Rehani_84

Hapa mmenigusa. Mimi ni mweusi wa kung'aa, na kila nikitumia hizi programu kwa picha za chaneli yangu ya hadithi napotea kwenye mandhari ya nyuma. Naandika "mandhari meusi yenye mvuto", yanabaki meno na macho tu. Nikiongeza mwanga, inanibadilisha rangi, natoka kama mtu mwingine. Nimeishia kuweka michoro ya katuni badala ya watu. Inaniuma kwa kweli.

---

MamaTaa

Rehani, usikubali kuwekwa kwenye katuni kwa sababu hiyo. Tatizo si ngozi yako, ni ukuta uliouchagua. Kitu cheusi mbele ya kitu cheusi hakionekani, awe nani. Njia ni mbili.

Ya kwanza, kama lazima mandhari yawe meusi, omba mwanga wa ukingoni: taa iliyoko nyuma ya mtu inayochora mstari mwembamba unaong'aa kwenye nywele, sikio na bega. Mstari huo ndio unaomtoa mtu kwenye giza. Usiombe "uso mweupe zaidi" wala "mwanga mkali usoni", maana hapo ndipo inapokubadilisha rangi. Sema "ngozi nyeusi, mwanga laini mweupe kutoka mbele, mwanga wa ukingoni kutoka nyuma", na ngozi itaje wazi kila mara. Ukiiacha programu ichague, inachagua inayoijua zaidi.

Ya pili ndiyo ninayoipenda mimi: geuza kila kitu. Weka ukuta angavu, manjano iliyoiva kwa mfano. Ngozi nyeusi juu ya manjano inasimama yenyewe bila hila yoyote, na herufi nyeusi juu ya manjano zinasomeka kupita karibu rangi zote. Manjano safi na nyeusi zinaachana kwa uwiano wa karibu 19.6 kwa 1. Herufi nyeupe juu ya nyekundu safi, ambayo watu wanaidhania ni kali sana, ni 4 kwa 1 tu. Nyeupe juu ya manjano haifiki hata 1.1, zimelingana kabisa kwa mwanga.

Ukitaka kujua bila hesabu, ondoa rangi. Igeuze picha iwe ya kijivu kwenye simu. Kama uso, ukuta na herufi bado ni vitu vitatu tofauti, una kontrasti. Kama viwili vimeungana, ulikuwa unadanganywa na rangi. Nyekundu na kijani iliyokolea zinadanganya sana: kwa macho zinapigana, ukizigeuza kijivu ni karibu pacha.

---

MchoraSura

Naona hakuna aliyegusa mdomo wa picha ya pili, na mimi kazi yangu ni kuchora nyuso.

Neno "mshangao" ni jina la hisia, na ukiipa programu jina la hisia inakuletea uigizaji wake. Mikono mashavuni, mdomo hadi koromeo, meno yote 32 na ya ziada. Badala yake eleza uso unavyofanya. Mwaka 1978 Paul Ekman na Wallace Friesen walichapisha mfumo unaoitwa FACS, unaogawa sura ya mtu katika mijongeo ya misuli, na wachoraji wengi tunautumia hadi leo. Mshangao kwa mfumo huo ni mambo manne: nyusi zinapanda upande wa ndani, zinapanda na upande wa nje, kope za juu zinainuka, taya linashuka.

Sasa angalia hofu, maana ndiyo uliyopewa. Kwenye hofu nyusi zinapanda lakini zinavutana kuelekea katikati, na midomo inavutwa kwenda pembeni kama mtu anayekaza kamba. Kwenye mshangao nyusi ni upinde, hazikaribiani, na taya limelegea tu, kama limesahauliwa. Video yako inasema faili zimerudi. Ni habari njema. Ukiweka sura ya hofu, mtazamaji atadhani diski imelipuka.

Kwa hiyo andika: "nyusi zimepanda kama upinde, macho yamefunguka, weupe wa jicho unaonekana juu ya mboni, taya limelegea, mdomo wazi kidogo". Hapo ukitaka kuongeza neno "mshangao" mwishoni ongeza, litakuwa limeshafungwa kamba.

---

FundiDiski

Wakuu, nimekaa na haya yote jioni nzima. Nimeandika hivi:

```
Picha halisi ya mwanamke fundi wa kompyuta, ngozi nyeusi,
shati la bluu iliyokolea, kuanzia kifuani kwenda juu.
Yuko theluthi ya kulia ya picha, anatazama kamera.
Nyusi zimepanda kama upinde, macho yamefunguka,
taya limelegea, mdomo wazi kidogo.
Mkono mmoja umeshika diski ya kompyuta mbele ya kifua.
Theluthi mbili za kushoto ni ukuta laini wa manjano,
rangi moja. Mwanga laini kutoka mbele.
```

Na uwiano wa 16:9 nimeuchagua kwenye mipangilio.

Tofauti ni mbingu na ardhi. Picha mbili kati ya nne zina nafasi safi kabisa, hakuna herufi hata moja. Uso ni wa mtu aliyeona kitu asichotegemea, si wa mtu anayekimbia. Lakini kuna mambo matatu bado. Ukuta umemwaga manjano kwenye shavu la kushoto, dada wa watu anaonekana mgonjwa wa ini. Diski imetoka kama tofali lenye vioo, na vidole vimekuwa sita. Na moja ya zile mbili nzuri imemweka kushoto badala ya kulia.

---

MamaTaa

Hongera, umeshavuka mlima.

La mwisho ndilo jepesi. Programu hizi zinachanganya kushoto na kulia mara nyingi, usipoteze muda kubishana nazo. Igeuze picha kama kwenye kioo, ni kitufe kimoja tu. Angalia tu asiwe na herufi kwenye shati, zitasomeka kinyumenyume.

La shavu: umesema mwanga laini, hukusema rangi yake. Ukuta angavu kwenye chumba halisi huwa unarudisha rangi yake kwa aliye karibu, na programu imejifunza hilo. Andika "mwanga mweupe usoni" na "amesimama mbali na ukuta". Kwa kawaida inatosha.

La diski usihangaike nalo kwenye prompti. Wewe ni fundi, diski unazo. Mwambie aonyeshe kiganja kitupu, au ondoa mkono kabisa, kisha piga picha diski yako halisi kwa simu karibu na dirisha, ikate, iweke juu. Watazamaji wako wanajua diski inavyofanana. Wakiona tofali lenye vioo wataondoka kabla hujasema neno.

---

Kamera_Begani

Samahani kwa kuelewa vibaya mwanzoni. Nina swali sasa. Kwa nini dada awe kulia? Mimi ningemweka kushoto, maana tunasoma kutoka kushoto, jicho linaanza na uso ndipo liende kwenye maneno.

---

MchoraSura

Hoja yako ina uzito, na wapo wanaofanya hivyo wakafanikiwa. Ila kuna kijisanduku cha dakika. YouTube inaweka muda wa video kwenye kona ya chini kulia, juu ya picha. Maneno yakiwa kulia, mstari wa chini una hatari ya kufunikwa. Uso ukiwa kulia kinachofunikwa ni bega, na bega halina habari.

---

FundiDiski

Kumbe! Diski yangu nimeiweka mbele ya kifua, kulia chini. Ngoja niangalie.

Ndiyo wakuu. Nimechora kijisanduku cheusi kwenye kona nikaona kimekaa juu ya diski, nusu nzima imepotea. Naipandisha karibu na shavu.

---

JichoKali

Mimi programu yangu iko kwenye kompyuta yangu mwenyewe, ni Stable Diffusion, modeli ya SDXL. Nimeipa hiyo prompti ya Kiswahili neno kwa neno. Imeniletea ukuta na mlima. Hakuna dada wala diski.

---

MamaTaa

Hiyo nayo ni sahihi, nilipaswa kusema mapema. Programu mpya za mtandaoni nyingi zina ubongo wa lugha uliosoma Kiswahili, ndiyo maana FundiDiski amepata alichotaka. SDXL inasoma maneno kwa vifaa vilivyofunzwa zaidi kwa Kiingereza, tena ukimwandikia maelezo marefu sehemu ya mwisho inapoteza nguvu. Kwa hiyo fupi, na muhimu itangulie:

```
photo of a dark-skinned woman technician, right third
of frame, raised eyebrows, wide eyes, relaxed open mouth,
plain bright yellow wall, copy space on left, soft white light
```

Na hiyo unayoitumia ina sanduku la pili, la vitu usivyotaka. Huko ndiko maneno kama maandishi yanakoruhusiwa, kwa sababu sanduku hilo linafanya kazi ya kusukuma mbali:

```
text, letters, watermark, extra person, screaming, teeth
```

Wanaotumia Midjourney wanaandika `--no text` na `--ar 16:9` mwishoni, kazi ni ile ile. Ukubwa kwenye SDXL weka 1344 kwa 768, ndio iliyouzoea. Halafu kata pikseli 12 za kimo ubaki na 1344 kwa 756, hiyo ni 16:9 kamili, ndipo uipunguze iwe 1280 kwa 720.

---

JichoKali

Nimejaribu. Imetoka safi, na sikuandika 8k wala masterpiece. Nakubali.

Ila nafasi yangu ni ndogo, dada amekuja hadi katikati. Nimerudia mara kumi.

---

MchoraSura

Usirudie mara ya kumi na moja. Ukuta ni wa rangi moja, sivyo? Fungua turubai la 1280 kwa 720 kwenye programu yoyote ya kuhariri, chukua rangi ya ukuta kwa kile kitone cha kunyonya rangi, jaza turubai lote, kisha weka picha yako juu na uisukume kulia hadi bega likatwe na ukingo. Palipounganika pafute kwa brashi laini. Dakika tano. Hii ndiyo faida kubwa ya ukuta mtupu ambayo watu hawaioni: nafasi si lazima itoke kwenye prompti, unaweza kuishona mwenyewe. Ungekuwa umeomba duka la kompyuta kama mandhari, usingeweza.

---

Rehani_84

Nimefanya ya manjano. Jamani, naonekana! Mara ya kwanza kwenye chaneli yangu kuna mtu mweusi aliyechorwa akaonekana hadi mikunjo ya paji la uso.

Sasa nataka uso uwe wangu mwenyewe. Nimeingiza picha yangu ya kawaida nikaiambia "mfanye ashangae". Imetoa binamu yangu. Anafanana nami, lakini si mimi.

---

MamaTaa

Ndivyo inavyokuwa. Ili kufungua mdomo na kuinua nyusi lazima ichore upya karibu uso mzima, na inapochora upya inakupoteza. Kwenye programu zenye kipimo cha nguvu ya mabadiliko, kinachoanzia 0 hadi 1, ukikaa chini ya 0.3 hushangai, ukipita 0.5 si wewe. Katikati ni kubahatisha.

Fanya kinyume. Shangaa mwenyewe. Simama ukiangalia dirisha mchana, bila jua la moja kwa moja, simu iwe kwenye usawa wa macho, weka mlio wa kuhesabu sekunde 3. Mlio wa mwisho ukilia vuta hewa haraka kwa mdomo na uinue nyusi. Piga kama 20, utapata 1. Halafu kazi ya programu iwe kuondoa kilicho nyuma yako na kuweka ukuta, basi. Uso isiuguse.

---

FundiDiski

Nimemaliza kuweka maneno wakuu, nawasilisha kilichotokea.

Mara ya kwanza niliandika NAMNA YA KUREJESHA FAILI KWENYE DISKI ILIYOKUFA, mistari mitatu. Kwenye kompyuta ilipendeza sana. Nikaipunguza picha hadi upana wa pikseli 160, kama inavyoonekana kwenye orodha ya simu ndogo. Hapo kila kitu kinagawanywa kwa 8. Herufi zangu zilikuwa na kimo cha 60, zikabaki na 7 na ushei. Ukungu mtupu.

Nikarudi kwenye maneno mawili ya mwanzo, FAILI juu, ZIMERUDI chini, kimo 140 kila moja. Kwa 160 zinabaki na 17, na zinasomeka hata nikinyoosha mkono. Theluthi mbili za 1280 ni kama 853, na ZIMERUDI imeingia ikabakiza pembezo pande zote. Nimeacha chini patupu pia, kwa sababu video ambayo mtu ameshaanza kuitazama inawekewa mstari mwekundu pale.

Nikaigeuza kijivu: ukuta mweupe-mweupe, uso wa kati, herufi nyeusi. Shati la bluu na nywele vimekaribiana, lakini hilo haliniumizi.

---

MchoraSura

Safi sana. Swali moja tu linanisumbua, macho. Anatazama kamera. Mimi ningemgeuza atazame ukuta, yaani maneno, maana mtu akiona macho yanaelekea mahali naye anafuata.

---

MamaTaa

Hapa nitakupinga. Kwa pikseli 160 mwelekeo wa mboni hauonekani vizuri, kinachoonekana ni weupe wa jicho. Akitazama pembeni, weupe unabaki upande mmoja tu, mshangao unapungua. Akitazama kamera una weupe juu na pande zote.

---

MchoraSura

Basi ageuze kichwa chote, si mboni peke yake. Robo tu.

---

MamaTaa

Akigeuza kichwa nyusi moja inakimbia nyuma. Sijashawishika.

---

Kamera_Begani

YouTube ina kitu cha kulinganisha vijipicha kwenye Studio, unaweka vijipicha hadi 3 kwa video moja, inavionyesha kwa watu tofauti na kupima kipi kimeleta muda mwingi wa kutazama. Si mibonyezo, muda wa kutazama. Aweke cha kamera, cha ukuta, na cha tatu kisicho na mshangao kabisa, uso uliotulia. Binafsi nimechoshwa na midomo wazi kila kona na nina hamu ya kuona huo wa tatu ukishinda.

---

FundiDiski

Nimeelewa. Cha kamera ninacho. Cha ukuta nimejaribu sasa hivi, nikaandika "anatazama kushoto", akatazama kushoto kwake, nje ya fremu, akiipa maneno kisogo. Narudia na "anatazama ukuta mtupu". Cha tatu nitampa dada sura tulivu, ila nahisi hatakuwa dada yule yule, maana kila nikibadilisha sentensi moja anakuja mwingine. Namba ya mbegu, ile ambayo programu inaanzia kuchora, nimeihifadhi, bado anabadilika pua. Kuna mwenye njia ya kumshikilia awe mmoja?

---

JichoKali

Kwenye SDXL usichore upya picha nzima. Chukua ile uliyoipenda, paka rangi ya kinyago juu ya mdomo na nyusi tu, iambie ichore hapo peke yake. Pua haiguswi. Ya mtandaoni unayotumia sijui kama ina kinyago.

---

FundiDiski

Ina kibrashi fulani pembeni sijawahi kukigusa. Nakijaribu sasa hivi.